Hotuba ya Chakula cha Mchana: Mzazi wa Zombo Anataka Kusikia Nini?

Ndugu mtahiniwa, soma kwanza swali hili la zoezi: "Wewe ni kiranja mkuu wa shule ya sekondari ya kutwa iliyopo katika kata ya Zombo, wilaya ya Kilosa. Andika hotuba utakayoitoa katika mkutano wa wazazi ukilinganisha chakula cha mchana kinachopikwa shuleni na chakula ambacho wanafunzi hubeba kutoka nyumbani. Maneno yasipungue 250 na yasizidi 300."

Nimelitoa swali hili darasani mara kadhaa, na ninaweza kukuambia majibu mengi yatakavyokuwa kabla sijayafungua. Salamu zitachukua robo ya hotuba. Kisha zitafuata faida tano za chakula cha shuleni, hasara tano za chakula cha kubeba, na shukrani. Umbo la hotuba utakuwa umelipata. Lakini jiulize: mzazi aliyeacha shamba asubuhi, akatembea hadi shuleni, akakaa kwenye benchi la darasa, atarudi nyumbani na nini? "Chakula bora hujenga mwili" alikisikia akiwa darasa la tatu. Alichokuja kujua ni mahindi kiasi gani yatatoka ghalani kwake, lini, nani atayatunza, na mtoto wa jirani asiyechanga atakula nini.

Maoni yangu ni haya. Vyakula hivi viwili havitofautiani sana siku ambayo kila kitu kinakwenda vizuri. Mwenye makande ya shule ameshiba na mwenye hotipoti ya mama ameshiba. Tofauti yao inaonekana siku mbaya. Chakula cha kubeba kinapokosekana, kinamkosa mtoto mmoja, kimyakimya, na mara nyingi hata mwalimu wa darasa hajui. Chakula cha shule kinapokosekana kinawakosa wote kwa pamoja, na shule nzima inajua siku hiyo hiyo. Hotuba yako ikilishika jambo hilo, ulinganishi wako utakuwa na kitu cha kusema.

Tuanze na chakula cha kubeba, na tukitendee haki, kwa maana watahiniwa wengi hukionea. Mzazi anajua alichokiweka humo. Mtoto mwenye vidonda vya tumbo au kisukari anapata anachoruhusiwa. Hakuna stoo, kwa hiyo hakuna wizi wa stoo. Na nyumba ambayo haina mahindi mwezi huo inaweza kuwa na mihogo au viazi vitamu, na mtoto akala. Hizo si faida ndogo, na mzazi atakayekusikia ukizitaja atakuamini utakapofika kwenye upungufu.

Upungufu wenyewe uko kwenye saa. Mwanafunzi anayetoka kitongoji cha mbali huondoka nyumbani saa 11 alfajiri. Chakula chake kimepikwa saa 10 usiku, na mara nyingi zaidi ni kiporo cha jana. Atakila saa 7 mchana. Kilichopikwa saa 10 usiku kimekaa saa tisa. Kiporo cha jana jioni kimekaa zaidi ya saa kumi na sita, sehemu kubwa ya muda huo kikiwa ndani ya begi, katika joto la bonde la Kilosa. Wataalamu wa usalama wa chakula wanashauri kisikae zaidi ya saa nne kati ya nyuzi joto 5 na 60, kwa sababu hapo ndipo bakteria huzaliana upesi. Wali ndio wa kuogopwa zaidi. Kuna bakteria ambao mbegu zao haziuawi na maji yanayochemka. Wali ukikaa katika uvuguvugu zinachipua, zinatoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Mtoto anatapika saa chache baada ya kula, na nyumbani wanasema ni malaria.

Kwa hiyo usiseme tu "chakula cha kubeba huharibika". Sema kipi. Wali na mchuzi ndani ya kontena lililofunikwa ungali wa moto huharibika. Viazi vitamu vya kuchemsha vilivyoachwa vipoe, karanga za kukaanga, andazi, hivyo huvumilia. Mama anayekusikiliza anaweza kubadilisha kesho asubuhi anachompa mtoto wake, hata kama mkutano hautakubaliana jambo lolote. Mwongeze na hili: mihogo na viazi vinatia nguvu lakini protini yake ni ndogo, kwa hiyo konzi ya karanga pembeni ina kazi yake.

Lakini yote hayo yanamhusu mtoto aliyebeba. Yupo ambaye hakubeba. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, ilinichukua karibu muhula mzima kugundua kwamba msichana mmoja wa kidato cha pili aliyekuwa akitoka darasani kila mchana na mfuko mkononi hakuwa na kitu ndani yake. Alikuwa akienda nyuma ya choo kipya, anakaa, anarudi na wenzake. Mfuko ulikuwa na daftari. Nilikuwa mwalimu wake wa darasa. Nilikuwa nimemwandika kwenye ripoti kwamba "hazingatii vipindi vya mchana".

Sasa chakula cha shule. Hapa ndipo mtahiniwa anapoandika "shule inatoa chakula" kana kwamba shule ina shamba la miujiza. Tangu Januari 2016 serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne, lakini chakula cha mchana cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki mikononi mwa mzazi. Mchango wake unakubaliwa katika mkutano wa wazazi, ni wa hiari, na mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachanga. Chakula cha shule, basi, nacho kinatoka nyumbani. Tofauti ni kwamba kinatoka kwa pamoja na mapema.

Ni kiasi gani? Chukua shule ya wanafunzi 200 na chakula cha makande. Tukadirie gramu 150 za mahindi makavu na gramu 50 za maharage kwa kila mwanafunzi. Sahani hiyo inampa protini inayokaribia gramu 25, na utakumbuka kutoka somo la Biolojia kwamba protini ya mahindi ina upungufu ambao ya maharage inauziba. Kwa siku, sufuria inahitaji kilo 30 za mahindi na kilo 10 za maharage. Mwaka wa masomo una siku 194. Mwanafunzi mmoja atakula kilo 29 za mahindi kwa mwaka na kitu kidogo juu, na maharage yasiyofika kilo 10. Debe la mahindi ni kama kilo 18. Ina maana mtoto anakula debe moja na nusu na kidogo kwa mwaka mzima.

Mwambie mzazi hivyo hivyo, kwa debe. Mzazi wa Zombo hapimi mavuno yake kwa gramu. Ukimwambia "debe moja na nusu na kidogo" anaiona mbele yake, na anaweza kuilinganisha na anachompa mtoto kila asubuhi, au na sarafu za andazi getini.

Kisha mwambie lini. Nadhani hili ndilo jambo linaloua chakula cha shule vijijini kwetu kuliko ubahili wowote. Shule inafunguliwa Januari, na mkutano wa kwanza unaitishwa Januari au Februari. Hapo ndipo mahindi yanapoombwa. Lakini Januari mahindi yako shambani yakiwa mabichi, na yaliyomo ghalani ni ya mwisho. Debe liko juu kuliko miezi mingi. Mzazi ambaye Agosti angetoa debe mbili bila kuumia, Februari anasema "nitaleta", na hasemi uongo, anasubiri mavuno. Mavuno makuu ya masika yanakuja kati ya Juni na Agosti. Mwezi huo huo debe ni rahisi, na wanunuzi wanapita na magari yao kijijini. Shule isipoomba wakati huo, mahindi yatakuwa yameshauzwa.

Hotuba yako, basi, isiombe mahindi "haraka iwezekanavyo". Iombe mahindi ya mwaka ujao, yaletwe Agosti mwaka huu.

Mzazi makini atanyanyua mkono hapo hapo. Mahindi yatakaa stoo kuanzia Agosti hadi Desemba ya mwaka unaofuata. Dumuzi watabakisha nini? Swali zuri, na jibu lake ni la kazi. Mahindi yapokelewe yakiwa makavu, unyevu usizidi asilimia 13. Shule isiyo na kipimo inaweza kutumia chupa kavu ya kioo: tia konzi ya mahindi na chumvi kavu, funga, tikisa, uache itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji na yarudi juani. Yakiwa makavu yatiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ifungwe kabisa. Wadudu waliomo watamaliza oksijeni na kufa, bila dawa. Mifuko ikae juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Hili la ukavu halihusu wadudu tu. Mahindi yenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa sumukuvu, ambayo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Hapa chakula cha shule kina hatari ambayo cha kubeba hakina: gunia moja bovu linaingia kwenye sufuria ya watoto 200. Usilifiche. Sema kwamba punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitachambuliwa kabla ya kupikwa, na kwamba gunia linalonuka uvundo halipiki mtu.

Swali la pili litatoka nyuma, kwa sauti ya chini zaidi: mahindi ya mwaka juzi yalikwenda wapi? Usijibu kwa hasira, wala usimtetee mtu. Jibu kwa hesabu ile ile. Watoto 200 wanakula kilo 30. Kila siku liandikwe daftari la stoo: waliokula ni wangapi, kilo zilizotoka ni ngapi. Siku waliohudhuria ni 160, kilo zinazopaswa kutoka ni 24. Daftari likionyesha kilo 30 kila siku, mvua inyeshe au jua liwake, wanafunzi wawepo au wasiwepo, basi mwandishi anaandika bila kupima, au mahindi yanatokea mlango mwingine. Wazazi wawili wapewe haki ya kulifungua daftari hilo siku yoyote bila taarifa. Utaona kwamba wezi wa stoo hawaogopi hotuba, wanaogopa mizani.

Nimeliacha la mwisho gumu kuliko yote. Asiyechanga.

Nimeona orodha ikisomwa mbele ya sufuria. Wenye majina yao wanapanga mstari, wasio na majina wanakwenda chini ya mwembe na kugeukia upande mwingine. Ukifanya hivyo, umeleta ubaya wa chakula cha kubeba kwenye chakula cha shule: mtoto mmoja mmoja anakosa, ila safari hii hadharani. Lakini ukisema tu "wote wale", mzazi aliyeleta debe zake atauliza yeye ni mjinga wa nani. Ana haki ya kuuliza.

Rudi kwenye debe. Mtoto anahitaji kilo 29. Mkutano ukikubaliana mchango wa debe mbili, kila mzazi analeta kilo 36. Wakileta wazazi 170, stoo inapata kilo 6,120. Watoto wote 200 kwa mwaka mzima wanahitaji kilo 5,820. Kwa hiyo hata wazazi 30 wakishindwa kabisa, watoto wote wanakula kipimo kamili, na zinabaki kilo 300 za kufidia chenga na zilizochambuliwa. Wakileta 120 tu, stoo ina kilo 4,320. Gawanya kwa 30: siku 144. Chakula kitaisha siku 50 za masomo kabla ya mwaka kwisha, yaani karibu na mwisho wa Septemba. Watahiniwa wa kidato cha nne wataingia wiki za mwisho kabla ya mtihani wa Novemba bila kula mchana, wakiwemo wale ambao wazazi wao walileta debe mbili kamili.

Huo ndio ukweli wa chakula cha shule, kwa pande zote mbili. Kinaweza kumbeba asiye nacho bila kumwaibisha, wala mwenzake asipunguziwe kijiko, mradi wasiochanga wasivuke idadi fulani. Wakivuka, kinaanguka kwa wote. Na wazazi waambiwe waziwazi kwamba ile ziada ni ya nini. Wakigundua wenyewe baadaye, mwaka unaofuata hawataleta hata ile moja.

Na fedha je? Mpishi, chumvi, mafuta, kuni na maji havipatikani kwa mahindi. Vitaje kwa sentensi moja na uviache kwa bodi ya shule. Katika maneno 300 huna nafasi, na kiranja hapangi mshahara wa mpishi. Maharage nayo yaombwe kilo 12 kwa mtoto, pamoja na mahindi, kwa hesabu ile ile.

Sasa angalia namna hayo yote yanavyoweza kuingia ndani ya hotuba fupi. Salamu ziwe mstari mmoja: "Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wa Shule, walimu wangu, wazazi na walezi wetu, shikamooni." Kisha usizunguke. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kiini chake hivi, nami namsahihisha kidogo tu:

"Wazazi wetu, chakula mnachotufungia nyumbani tunakishukuru. Mwenye maradhi kinamfaa, na anayepewa viazi au karanga anakula salama. Lakini wali wa jana unapofika saa saba mchana umeshachacha, na wapo kati yetu ambao mifuko yao haina kitu, nao hawawezi kusema. Makande ya shule tunayala yakiwa ya moto, na tunayala wote. Yana kasoro yake: yakiisha, yanaisha kwa wote, kama yalivyoisha mwaka jana. Tunakula debe moja na nusu na kidogo kila mmoja kwa mwaka. Tunaomba mkubaliane debe mbili, ziletwe Agosti, zikiwa kavu. Ile ziada itafidia zitakazoharibika, na itamlisha mwenzetu ambaye nyumbani kwao hazipo. Tunaomba pia wazazi wawili wachaguliwe leo kulikagua daftari la stoo."

Hesabu maneno: ni machache, na umebaki na nafasi ya utangulizi na hitimisho. Hakuna "kwanza kabisa", hakuna methali iliyopachikwa. Kuna ulinganishi, maana kila chakula kimepewa chake kizuri na chake kibaya, na kuna jambo ambalo mkutano unaweza kulipigia kura kabla watu hawajainuka.

Kabla hujaandika hotuba yako, fanya kitu kimoja. Muulize mzazi wako nyumbani kwenu debe la mahindi lilikuwa shilingi ngapi Agosti iliyopita, na lilikuwa ngapi Februari. Ziandike bei hizo mbili pembeni ya swali. Ukishaziona ziko pamoja, utajua hotuba yako ianzie wapi.